Ng'ang'a hajioni kwa sachi na bili ya SMS imepanda: vile ungetesti hayo majina

*"Kaka, mimi natesti apu ya sacco fulani hapa Nairobi. Fomu ya kujisajili niliijaribu na majina yenye alama, nikaweka José, nikaweka O'Brien, zote zikapita. Sasa tuko laivu na watu wa kastoma kea wanasema kuna wanachama wanaitwa Ng'ang'a ambao wako kwa sistemu lakini wakisachiwa hawaonekani. Halafu bosi anauliza mbona bili ya SMS imepanda na wanachama hawajaongezeka hivyo. Hizi ni bagi mbili ama ni moja? Na nilifaa nitesti aje?"*

Mimi ningeanza kwa kuamini ni moja, na iko kwa ritifaa. Kwa macho yako Ng'ang'a ni Ng'ang'a, lakini kompyuta inajua ritifaa zaidi ya moja. Kuna ile iliyonyooka ya kibodi ya kompyuta, `'`, ambayo kwa Unikodi ni U+0027. Kuna ile iliyopinda, `’`, U+2019. Na kuna nyingine tena, `ʼ`, U+02BC, ambayo Unikodi inaihesabu kama herufi kabisa si alama ya uandishi, hii si wengi wanaiandika lakini inaingia kupitia maandishi ya kukopi. iPhone tangu iOS 11 ya 2017 inapindisha ritifaa yenyewe kama mtu hajazima setingi ya Smart Punctuation, na ni wangapi unajua wameizima? Word pia inapindisha.

Sasa fikiria vile mambo yalienda. Mwanachama amejisajili na iPhone, jina likaingia na `’`. Mtu wa kastoma kea amekaa ofisini na kibodi ya kompyuta, anaandika `'`, databesi inalinganisha herufi moja moja, hizo mbili si sawa, inarudisha sifuri. Hata zile setingi za kulinganisha za MySQL ambazo zinapuuza herufi kubwa na ndogo, na zinaona ũ na u kuwa kitu kimoja, hazichukulii hizi ritifaa mbili kuwa sawa. Mwanachama akisachi mwenyewe na simu yake anajiona vizuri, ndiyo maana malalamiko yanakuja nusunusu na developa anakwambia kwake inafanya kazi.

Na SMS je? SMS ya kawaida inabeba herufi 160 kwa sababu inatumia seti ndogo ya herufi inaitwa GSM-7. Ndani ya hiyo seti `'` iko, `’` haiko. Ikiingia herufi hata moja ambayo haiko kwa seti, ujumbe mzima unahamishwa kwa enkodingi nyingine, UCS-2, na hapo nafasi inashuka hadi 70. Ukizidi 70 unakatwa vipande, na kila kipande kinabeba 67 tu kwa sababu sehemu inaliwa na maelezo ya kuunganisha vipande. Kwa hivyo ujumbe wenu wa "Mpendwa Ng’ang’a, mchango wako umepokelewa..." wenye herufi 150, ambao kwa mwenzake aliyeandika `'` ni SMS moja, kwa huyu ni SMS tatu. Kampuni ya kutuma inahesabu vipande, haihesabu watu. Omba ripoti yao ya mwezi, tafuta safu ya idadi ya vipande kwa kila ujumbe, kisha linganisha namba zilizotumiwa vipande vitatu na majina yaliyo kwa databesi. Kama ni hiyo utaiona hapo hapo. Na ukiwa hapo angalia pia maneno yenyewe ya ujumbe, kwa sababu kama mtu wa masoko aliyaandika kwa Word na ukapesti, ritifaa iliyopinda au nukta tatu zilizounganishwa kuwa herufi moja inawalipisha mara mbili tatu kwa kila mwanachama, si akina Ng'ang'a peke yao.

Sasa twende kwa testi zako. José alikudanganya, na si kosa lako, hiyo orodha ya José na Müller inazunguka kila mahali. Shida ni kwamba é iko kwa seti nyingi za zamani: iko kwa latin1, iko kwa GSM-7, iko hata kwa ile CP437 ya zile printa ndogo za risiti. Yaani é ni mgeni mwenye vitambulisho vyote, hakuna mlango anakataliwa. Lakini ũ na ĩ za Kikuyu na Kikamba haziko hata moja kati ya hizo tatu. Wambũi akipita kwa kolamu ya latin1 anatoka `Wamb?i` au anakataliwa na kosa, kwa SMS anageuza ujumbe kuwa UCS-2, kwa printa anatoka na alama ya kuuliza au mistari ya ajabu. Kwa hivyo ukitesti na Wambũi unaona vitu José hawezi kukuonyesha kamwe, na kusema ukweli nyinyi wateja wenu ni akina Wambũi. O'Brien naye ni sawa tu ukimwandika kwa kibodi, lakini anakuonyesha ritifaa ya kwanza peke yake.

Tena ũ yenyewe ina namna mbili za kuandikwa. Inaweza kuwa herufi moja, U+0169, au inaweza kuwa u ya kawaida ikifuatwa na kiwimbi chake kama alama ya pili, U+0303. Kwa skrini huoni tofauti yoyote. Namna hii ya pili inakuja sana sana mtu akikopi jina kutoka kwa PDF au kwa jina la faili lililotoka kwa Mac.

Kwa hivyo majina yako ya kutestia yaandike kwa namba, usiyaandike kwa mkono na usiyatunze kwa chati ya wasapu au kwa Word, kwa sababu njiani kitu kitapindisha ritifaa au kuinyoosha na utakuwa unatesti jina moja mara tatu ukidhani ni matatu:

```python
majina = [
    "Ng'ang'a",
    "Ng\u2019ang\u2019a",
    "Ng\u02bcang\u02bca",
    "Wamb\u0169i",
    "Wambu\u0303i",
]
```

Haya matano yanatosha kuanza. Sajili kila moja kama mwanachama tofauti, mara moja kupitia fomu na mara moja kupitia API moja kwa moja, kwa sababu fomu inaweza kuwa na ukaguzi wa herufi ambao seva haina, ama kinyume chake. Kama fomu inakataa, soma inasema nini. Ukaguzi wa `^[A-Za-z ]+$` utamkataa Ng'ang'a na kumwambia "weka jina halali", na huyo mtu jina lake liko kwa kitambulisho hivyo hivyo, hiyo iandike kama bagi kubwa bila kubishana.

Baada ya kusajili usiangalie skrini. Hapa ndipo watu wengi wanaachia. Skrini ni mahali pa mwisho pa kuaminika, nenda kwa databesi uulize ni baiti gani zimehifadhiwa:

```sql
SELECT id, jina, HEX(jina),
       CHAR_LENGTH(jina), LENGTH(jina)
FROM wanachama
ORDER BY id DESC LIMIT 10;
```

Kwa kolamu ya UTF-8, Ng'ang'a wa kawaida anafaa akupe `4E6727616E672761`, herufi 8 baiti 8. Wa ritifaa iliyopinda ni `4E67E28099616E67E2809961`, herufi 8 baiti 12, kila `27` imekuwa `E28099`. Wambũi wa herufi moja ni `57616D62C5A969`, herufi 6 baiti 7. Yule wa alama mbili ni `57616D6275CC8369`, herufi 7 baiti 8. Ukiona `3F` mahali ũ ilikuwa, hiyo ni alama ya kuuliza yenyewe imehifadhiwa, jina limeharibika na halirudi tena, hakuna skripti itakuokoa.

Lakini kuna moja mbaya zaidi ya hiyo kwa sababu inajificha. Ukiona badala ya `E28099` kuna `C3A2E282ACE284A2`, jina limeenkodiwa mara mbili. Maana yake apu ilituma UTF-8, lakini muunganisho wake na databesi ulikuwa umetangazwa kuwa latin1, databesi ikachukua zile baiti tatu kama herufi tatu tofauti na kuzigeuza tena kuwa UTF-8. Wakati wa kusoma apu ileile inapitia muunganisho uleule mbovu, kosa linajigeuza kinyume, na skrini inaonyesha Ng’ang’a safi kabisa. Makosa mawili yamefutana. Utatesti apu mwaka mzima na hutaona kitu. Siku mtu wa hesabu ameunganisha sistemu ya ripoti, ambayo muunganisho wake uko sawa, ndipo anaona `Ngâ€™angâ€™a`, na kila mtu anaanza kulaumu ripoti. Nishawahi kuona timu ikihangaika na sistemu ya ripoti ambayo haikuwa na shida yoyote, wakati apu ndiyo ilikuwa inaandika uchafu tangu siku ya kwanza. `HEX` ingewaambia kwa dakika moja.

Databesi ikiwa sawa, sasa fuata jina kila mahali linatoka. Sachi ni moja: tafuta kila mmoja wa hao watano kwa kuandika `Ng'ang'a` ya kibodi, kwa `Nganga` bila kitu, na kwa `Wambui` bila kiwimbi, kwa sababu hivyo ndivyo mtu wa kastoma kea ataandika akiwa na foleni ya watu. Halafu fungua risiti ya PDF na uzumu, baadhi ya fonti hazina ũ na zinaacha kisanduku au nafasi tupu. Shusha orodha kwa CSV na uifungue na Excel kwa kuibonyeza mara mbili vile watu wa ofisi wanafanya, kama faili haina ile alama ya mwanzo ya BOM utapata `WambÅ©i`. Kwa hiyo ya mwisho data iko salama, ni Excel imekisia vibaya, lakini ofisi wakisevu hiyo faili na kuipandisha tena kwa sistemu basi uchafu umekuwa wa kweli, kwa hivyo testi ya kushusha na kupandisha tena ni ya lazima kama mna huduma hiyo.

Ukiona `Ng'ang'a` kwa SMS au kwa risiti, mtu amesafisha jina kwa ajili ya ukurasa wa wavuti kisha akalihifadhi hivyo hivyo. Ukiona `Ng\'ang\'a`, mtu anaweka mikwaju kwa mkono badala ya kutumia kweri zenye vigezo, na hapo usiishie kwa jina, mwambie developa huenda mlango wa kuingiza SQL uko wazi. Na kuna hii inaniudhi hadi leo, `Ng'Ang'A`. Inatoka kwa mtu anayetaka kurembesha majina, akatumia `.title()` ya Python au `INITCAP` ya databesi kama Oracle, ambazo zinaona ritifaa kama mwisho wa neno na kukuza herufi inayofuata. Jaribu mwenyewe `"ng'ang'a".title()` uone. Jina la mtu liache vile ameliandika bwana.

Emoji nitapita haraka, kwa jina la mwanachama mna haki ya kuikataa mradi ujumbe wa kukataa ueleweke. Lakini lazima mna sehemu ya jina la chama au maelezo ya malipo, na hapo watu wataweka. MySQL ina kitu kinaitwa `utf8` ambacho si UTF-8 kamili, kinabeba baiti tatu tu kwa herufi, na emoji nyingi ni baiti nne, zinahitaji `utf8mb4`. Sasa mtego ni huu: ❤ ni ya zamani, ni baiti tatu, inapita kwa `utf8` bila shida. Ukitesti na ❤ peke yake unasema emoji ziko sawa, kisha mtu anaandika 😂 na seva inaanguka na `Incorrect string value: '\xF0\x9F\x98\x82'`. Na hilo kosa ni bahati nzuri, maana hali ya ukali ikiwa imezimwa kwa `sql_mode`, MySQL haileti kosa, inaweza kukata maandishi kuanzia pale emoji ilipo hadi mwisho na kuacha onyo ambalo hakuna mtu anasoma. Kwa hivyo emoji iweke katikati kila wakati, `Ada ya shule 😂 ya Asha`, kisha uangalie kama `ya Asha` imefika. Ukiiweka mwisho na ikakatwa utadhani imeondolewa tu kwa makusudi.

Kwa maandishi marefu, watu hupesti herufi elfu kumi na kuona kama apu inaanguka. Fanya, haina ubaya, lakini bagi za kweli ziko pale mpakani. Tuseme kikomo ni 40. Swali ni 40 ya nini? `maxlength` ya fomu inahesabu vizio vya UTF-16, ambapo 😂 moja ni 2 na bendera yetu 🇰🇪 ni 4. `VARCHAR(40)` ya MySQL inahesabu herufi za Unikodi, ambapo hiyo bendera ni 2. Oracle usipoiambia vingine `VARCHAR2(40)` ni baiti, na hapo bendera ni 8. Kwa hivyo sistemu mbili zinaweza kukubaliana "mwisho ni 40" na zisikubaliane kabisa. Testi yake ni rahisi: andika a 39 kisha ũ moja. Kwa herufi hiyo ni 40 kamili na inafaa ipite. Kwa baiti ni 41. Kama kuna mahali panakata kwa baiti, itakatika katikati ya ũ, ibaki nusu herufi, na utaona � mwishoni au kosa kwa mfumo unaopokea. Ifanye kwa jina, halafu uifuatilie hadi risiti na SMS, kwa sababu sistemu ya SMS mara nyingi ina kikomo chake chenyewe kifupi kuliko cha databesi na hakuna mtu amekiandika mahali.

Kurekebisha: waambie madevelopa jina lihifadhiwe vile mtu aliliandika, baada ya kupitishwa kwa NFC ili zile ũ mbili ziwe moja. NFC haigusi ritifaa lakini, wengi hudhani inagusa. Kwa sachi watengeneze kolamu ya pili, `jina_sachi`, ambayo ritifaa zote zimeondolewa, ũ imekuwa u, ĩ imekuwa i, yote herufi ndogo, na kile mtu anaandika kwa kisanduku cha sachi kipitie kusafishwa kulekule kabla ya kulinganishwa. Kwa SMS wabadilishe `’` kuwa `'` wakati wa kutuma tu. Ũ kuwa u kwa SMS hiyo ni ya sacco kuamua, mimi kwa ujumbe wa salio ningekubali, kwa barua ya kumkaribisha mwanachama ningelipa vile vipande viwili vya ziada.

Data ya zamani ndiyo itakusumbua. Anza kwa kujua ni wangapi:

```sql
SELECT COUNT(*) FROM wanachama
WHERE LENGTH(jina) <> CHAR_LENGTH(jina);
```

Kama kolamu ni UTF-8 hiyo inakupa wote wenye herufi yoyote nje ya zile za kawaida. Usikubali mtu aendeshe `UPDATE` moja ya kunyoosha kila kitu usiku wa Ijumaa. Kuna kitu kimoja cha kuangalia kwanza: kastoma kea walipokosa kumwona Ng’ang’a kwa sachi, pengine walimsajili upya, kwa hivyo mna mtu mmoja mwenye akaunti mbili, moja ya ritifaa iliyopinda yenye michango ya zamani na moja ya ritifaa iliyonyooka yenye michango mipya. Jaza `jina_sachi` kwanza, panga kwa `jina_sachi` pamoja na namba ya kitambulisho, na kila mahali panatokea wawili wapelekee watu wa hesabu waunganishe akaunti mmoja mmoja kabla ya kugusa jina lolote. Kama namba ya kitambulisho imewekwa kuwa ya kipekee na sistemu ingekataa kusajili mara mbili, angalia zile ambazo zimeongezewa sifuri mbele au nafasi nyuma, hivyo ndivyo watu huzunguka hiyo kizuizi wakiwa na mteja amesimama mbele yao.